Bima Iliyoisha Usiku wa Manane: Karatasi za Tuktuk na Anayebaki na Deni

(Hotuba kwa wenye tuktuk na madereva wao, Mombasa)

Ndugu zangu wenye vyombo, madereva, akina mama mlioweka akiba zenu kwenye tuktuk zinazoendeshwa na vijana wa watu, asalaam aleikum na hamjambo.

Leo sitazungumzia karatasi zote za barabarani. Nitazungumzia tatu tu: leseni ya dereva, bima na logibuku. Nimezichagua kwa sababu zinashikana. Moja ikilegea, zile mbili haziwezi kukuokoa, na mara nyingi anayeumia si aliyekuwa ameshika usukani bali ni mtu aliyekuwa amekaa nyumbani kwake akinywa chai.

Natumia mfano mmoja wa kubuni, tuufuate kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna mzee wa Majengo mwenye tuktuk. Mwezi wa Machi anamuuzia kijana wa Kisauni. Wanaandikiana makubaliano kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wanatia sahihi, pesa zinalipwa zote, ufunguo unatolewa. Logibuku inabaki kwa jina la mzee, kwa maana kijana amesema "tutabadilisha baadaye". Kijana naye haendeshi mwenyewe. Anamtafuta dereva wa kumletea hesabu ya jioni, na dereva huyo ana leseni ya gari dogo, daraja la B. Bima wanakata ya mwezi mmoja mmoja. Ya mwisho imeanza tarehe 15 Julai. Asubuhi ya tarehe 15 Agosti, saa moja, tuktuk inamgonga mama mmoja karibu na soko la Kongowea, anavunjika mguu.

Tuanze na bima, maana hapo ndipo swali la kwanza la polisi litakapoangukia.

Cheti cha bima kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na zote mbili zimeandikwa. Bima ya mwezi iliyoanza tarehe 15 Julai kwa kawaida huandikwa kuisha tarehe 14 Agosti, na huisha usiku wa manane wa siku hiyo. Watu wengi huhesabu kutoka tarehe hadi tarehe: nilikata kumi na tano, basi nitakata tena kumi na tano. Hesabu hiyo inakuacha uchi kuanzia usiku wa manane mpaka pale utakapolipa. Kwa mtu wa tuktuk, saa hizo ndizo zenye kazi zaidi, kwa sababu alfajiri ndipo watu wanapokwenda sokoni na kazini. Kwa hiyo usiangalie tarehe uliyolipia. Soma ile ya kuisha, kisha ulipie ya mwezi unaofuata siku mbili kabla, ukiomba cheti kipya kianze siku moja baada ya cha zamani kuisha.

Kuna wanaodhani kwamba ajali ikitokea saa moja asubuhi, wanaweza kumpigia wakala saa mbili, wakatiwe cheti cha tarehe ileile, na mambo yaishe. Hayaishi. Vyeti sasa ni vya kidijitali, vinatolewa kupitia mfumo mmoja wa makampuni ya bima, na saa ya kutolewa inaonekana. Polisi nao wanaandika saa ya ajali kwenye kitabu chao. Saa hizo mbili zikiwekwa pamoja, bima haikubebi, na juu yake umejiongezea kesi ya udanganyifu.

Jambo la pili katika bima ni pesa kufika. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inasema kampuni haibebi hatari yoyote mpaka iwe imepokea malipo. Ile "nitakulipa Ijumaa" ya wakala wako, hata kama ni jirani na mnaswali safu moja, si bima. Lipa moja kwa moja kwa kampuni, kwenye nambari yake ya malipo, ukitumia nambari ya usajili ya chombo kama kampuni itakavyokuelekeza, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Kisha kagua cheti chenyewe. Programu ya simu ya BimaYangu ya chama cha makampuni ya bima hukuwezesha kuangalia kama cheti ni halali. Fanya hivyo siku hiyohiyo, usingoje siku ya msala. Cheti feki kinafanana na halali kwenye kioo cha mbele, lakini kwenye mfumo hakipo.

Jambo la tatu ni matumizi. Kwenye cheti kumeandikwa chombo kimekatiwa bima ya kazi gani: cha kibinafsi, cha mizigo, au cha kubeba abiria kwa malipo. Tuktuk inayobeba abiria kwa nauli lazima iwe na bima ya abiria wa malipo. Ya kibinafsi ni rahisi zaidi, na ndiyo sababu watu huikata. Lakini Sura ya 405, ambayo ndiyo sheria ya bima ya mtu wa tatu, hailazimishi bima ya gari la kibinafsi imhusu abiria aliyemo ndani. Inalazimisha pale abiria anapobebwa kwa malipo. Ukikata ya kibinafsi ukabeba abiria, mtu aliyeketi nyuma yako hana bima, na kampuni ina sababu ya kukwambia kwamba chombo kilitumika nje ya makubaliano. Hapo umelipa pesa zako kila mwezi na bado huna kitu.

Niwaombe pia msichanganye bima na stika ya kaunti. Stika ya kaunti ni ruhusa na ada ya maegesho. Haimlipi mtu aliyevunjika mguu.

Sasa turudi Kongowea. Bima imeisha usiku, mama amelala hospitalini. Kwanza kuna upande wa jinai. Sura ya 405, kifungu cha 4, inakataza kutumia chombo barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na inakataza pia kumruhusu mtu mwingine akitumie. Neno hilo la kuruhusu ndilo linalomfikia mwenye chombo. Dereva anaweza kushtakiwa, na yule kijana wa Kisauni aliyempa ufunguo pia anaweza kushtakiwa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Juu ya hayo, anayetiwa hatiani hunyimwa haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12, isipokuwa mahakama ikiona sababu maalumu ya kutofanya hivyo. Watu wa tuktuk wakisikia shilingi 10,000 hutulia. Mimi naona la kuogopwa zaidi ni ile miezi 12 bila leseni, maana ni mwaka mzima bila kazi.

Upande wa pili ni fidia, na huu ndio unaobomoa nyumba. Mama ana miaka mitatu ya kufungua kesi ya madhara ya mwili. Kwa hiyo mambo yakinyamaza miezi sita, usidhani yameisha. Akishinda, tuseme mahakama inampa shilingi 900,000 kwa maumivu, matibabu na kazi aliyoshindwa kufanya. Kama bima ingekuwa hai, kampuni ingelipa hukumu hiyo. Sheria inaibana kampuni kulipa mpaka shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kwa kuwa bima imekufa, hukumu inabaki mikononi mwa watu walioshtakiwa. Hukumu ya mahakama ina uhai wa miaka 12. Dalali wa mahakama anaweza kuja mwaka huu akakuta huna kitu, akarudi baada ya miaka mitano ukiwa umenunua tuktuk nyingine.

Na walioshtakiwa ni nani? Hapa ndipo logibuku inapoingia.

Wakili wa yule mama hajui kijana wa Kisauni yuko wapi. Anachokijua ni nambari ya usajili iliyoandikwa na polisi. Anaiomba NTSA taarifa za mwenye chombo, anapata jina la mzee wa Majengo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema aliyesajiliwa ndiye atakayechukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mzee, aliyeuza Machi na kula pesa zake kwa amani, anapokea hati ya kuitwa mahakamani. Akiipuuza kwa kusema "mimi niliuza zamani", kesi itasikizwa bila yeye na hukumu itatolewa dhidi yake. Sheria haijamfungia mlango: inasema mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama hukubali ushahidi mwingine wa mauzo. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake, na lazima ajitetee ndani ya muda ulioandikwa kwenye ile hati.

Wengi huniuliza kama usajili huisha kama bima. Hapa Kenya hauishi kila mwaka. Unachoweza kusema umeisha ni ukweli wake: jina lililomo halilingani tena na mwenye chombo. Sheria imeweka muda. Anayeuza anatakiwa kumjulisha msajili ndani ya siku 7 tangu umiliki kubadilika. Na chombo hakitakiwi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kubadilika kwa umiliki kabla mwenye mpya hajasajiliwa. Yule kijana alikaa tangu Machi hadi Agosti. Kila siku baada ya zile 14 alikuwa kwenye makosa, hata kama hakukutana na askari yeyote pale Nyali.

Tazameni pia jinsi logibuku inavyoiua bima kimyakimya. Tuseme bima haikuwa ya mwezi, bali ya mwaka, na mzee alikuwa ameikata kwa jina lake kabla tu ya kuuza. Kijana anaiona kwenye kioo, tarehe bado ipo mbali, anatulia. Lakini bima ni mkataba kati ya kampuni na mzee. Haikatwi kwa chuma. Mzee alipouza, hakuwa tena na maslahi katika chombo kile, na kampuni haijawahi kukubaliana na kijana. Kampuni ikipata habari kwamba chombo kiliuzwa Machi, ina sababu ya kukataa dai la Agosti. Kwa hiyo anayenunua asirithi stika. Siku ya kununua, akate bima yake kwa jina lake kabla hajatia ufunguo. Muuzaji naye aiandikie kampuni yake kwamba ameuza, aulize kama kuna pesa ya kurudishiwa kwa muda uliobaki.

Kubadilisha jina si kazi ya siku nyingi tena. Huduma ziko kwenye mtandao, serviceportal.ntsa.go.ke, na unaingia kwa akaunti yako ya eCitizen. Muuzaji ndiye anayeanza: anachagua kuhamisha umiliki, anataja nambari ya usajili, anaweka taarifa za mnunuzi. Mnunuzi anaingia kwenye akaunti yake, anakubali na kulipa ada, ambayo hutegemea ukubwa wa injini. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, mnunuzi hana akaunti yake, hivyo anaitumia ya binamu au ya wakala wa mtaani, na usajili unakwama au unaangukia jina lisilo lake. La pili ni mkopo. Tuktuk nyingi hununuliwa kwa mkopo, na logibuku huwa na majina mawili: la mkopaji na la mkopeshaji. Muuzaji hawezi kuhamisha mpaka mkopeshaji aachilie. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata senti, muombe muuzaji afungue akaunti yake mbele yako na uyaone majina yaliyomo. Ukiona la mkopeshaji, mwende pamoja kwake kwanza. Asiyeweza mtandao anaweza kusaidiwa Huduma Centre pale Posta Kuu, Barabara ya Digo. Ila aende mwenyewe na kitambulisho chake, asitume mtu.

Nimewaacha madereva mpaka sasa, lakini kesi hii ina sehemu yao. Leseni.

Dereva wetu ana leseni halali, haijaisha, ana kadi mfukoni. Tatizo ni daraja. Leseni za sasa zimegawanywa kwa herufi na nambari. A1 ni pikipiki ndogo sana, A2 ni pikipiki ya kawaida ya mtu binafsi, A3 ni pikipiki ya abiria na ya kupeleka vifurushi, pamoja na vyombo vya magurudumu matatu. Tuktuk iko hapo, A3. B ni gari dogo, na B3 ni la dereva wa kazi, kama wa teksi na pikapu. C na ndugu zake ni malori. D1 ni matatu ya abiria wasiozidi 14, D2 ni basi dogo, D3 ni basi kubwa. Kuwa na B hakukupi A3, hata kama gari lina magurudumu manne na tuktuk ina matatu. Jedwali la makosa madogo la mwaka 2016 linaweka shilingi 3,000 kwa anayeendesha chombo ambacho daraja lake halimo kwenye leseni yake, na shilingi 1,000 kwa ambaye hakuihuisha. Kutokuwa na daraja kumehesabiwa kuwa kosa kubwa zaidi ya kuchelewa kuhuisha.

Mantiki hiyohiyo iko kwenye bima, na ni watu wachache wanaolijua hili. Sera nyingi za bima zinasema dereva awe na leseni ya kuendesha aina hiyo ya chombo, au awe aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kuwa nayo. Isome sera yako uone maneno yake. Mwenye A3 iliyoisha wiki mbili zilizopita anaweza kujikinga na maneno hayo, kwa maana aliwahi kuwa nayo. Asiyewahi kuwa na A3 hana pa kujikinga. Kwa hiyo hata kama bima ya tarehe 15 Agosti ingekuwa hai, kampuni ingeweza kukataa kutengeneza tuktuk, na hata kama ingemlipa yule mama, ingeweza kumgeukia mwenye chombo imdai irudishiwe. Mwenye chombo akisema "nilidhani ana leseni", swali litakuwa moja: uliitazama?

Basi, mwajiri, itazame. Usitosheke na kuona kadi. Angalia herufi za daraja zilizo juu yake, linganisha picha na uso, soma tarehe ya kuisha, piga picha pande zote mbili na uihifadhi. Wenye leseni za zamani za karatasi, mjihadhari na herufi. Ile BCE ya zamani haikuwa na maana ya herufi za leo. E ya zamani ilikuwa gari dogo. Ukihuisha, hakikisha madaraja uliyopewa kwenye kadi mpya ndiyo unayoyaendesha. Mwenye B anayetaka A3 anarudi kwenye shule ya udereva iliyosajiliwa, anapata leseni ya muda ya kujifunzia daraja hilo, anafunzwa, anafanya mtihani. Hakuna ofisi inayoongeza daraja kwa kalamu, na anayekwambia ipo anakuibia.

Cha kutembea nacho barabarani ni kidogo: leseni yako na cheti cha bima, pamoja na cheti cha ukaguzi na leseni ya huduma kwa vyombo vinavyotakiwa kuwa navyo. Logibuku si ya kutembea nayo. Iache nyumbani au kwenye akaunti yako, na nakala inatosha kwenye chombo. Ikiibiwa pamoja na tuktuk, umempa mwizi kila kitu.

Lililobaki ni la wale ambao tayari wameuza na jina halijabadilika, na najua wamo humu ukumbini. Mpigieni mnunuzi leo, anzeni uhamisho kwenye akaunti zenu, na kama hapatikani, wekeni pamoja makubaliano yenye tarehe, nakala ya kitambulisho chake, na ujumbe wa simu unaoonyesha pesa zilivyoingia. Makubaliano yataje nambari ya usajili na nambari ya chesi, si "tuktuk ya buluu" tu, na yataje hata saa ya kukabidhiana. Andikeni barua kwa NTSA kuwajulisha mauzo, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hati ya mahakama ikija, ipelekeni kwa wakili siku hiyohiyo pamoja na karatasi hizo, na mkiwa mnamjua mnunuzi alipo, mwambieni wakili amuunganishe kwenye kesi. Muda wa kujibu umeandikwa kwenye hati yenyewe, na unahesabiwa tangu siku mlipoipokea.